Barua kwa wana-diskasheni: alama 66 zilipotelea wapi

Ndugu zangu wa diskasheni,

Tangu matokeo ya testi ya majaribio yabandikwe Jumatatu, kikundi kimekuwa kimya kama kuna msiba. Mwenyekiti amenipigia mara mbili kuuliza kama nimeacha somo la Mikataba. Sijaacha. Nilipata 34 kati ya 100, nikakasirika siku moja, ya pili nikaichukua karatasi yangu ya majibu na kalamu nyekundu nikaanza kuhesabu alama zilizopotea, moja moja, na kuandika pembeni ya kila moja imepotea kwa sababu gani. Nawaandikia nilichokiona, kwa kuwa nimewasikia mkisema dawa ni kupiga msuli zaidi. Kwa karatasi yangu dawa hiyo ingetibu alama 8 tu.

Mnakumbuka maswali yalikuwa manne, kila moja alama 25, muda saa tatu. Mimi nilipata 16 swali la kwanza, 7 la pili, 9 la tatu na 2 la nne. Zilizopotea ni 66. Nilipozigawa kwa chanzo, 24 zilipotea kwa sababu niliijua sheria lakini sikuitumia kwenye mkasa, 21 kwa sababu muda uliisha, 13 kwa sababu nilitumia sheria isiyo yetu, na 8 kwa sababu sikujua kabisa. Kabla hamjasoma zaidi, fanyeni hesabu hiyo kwenye karatasi zenu. Mwalimu wa semina aliacha alama za vema kwa penseli pembeni, kwa hiyo haihitaji ubingwa: pale palipo na vema umelipwa, palipo peupe jiulize kwa nini. Ikiwa kwako "sikujua" inazidi nusu, barua hii haikuhusu sana. Rudi kwenye madesa na kitabu kwanza, haya mengine yatakuja baadaye.

Dalili: umeshusha nondo kurasa nne, umepata 9

Hii ndiyo iliyonila zaidi, nayo ni ngumu kuiona kwa macho yako mwenyewe, maana ukisoma jibu lako unaona kila kitu ni kweli. Na ni kweli. Tatizo ni kwamba hakuna mtu ndani yake.

Swali la tatu lilikuwa la pikipiki. Muuzaji anamwambia mnunuzi pikipiki haijawahi kupata ajali, ilhali anajua iligongwa na fremu ikanyooshwa gereji. Mnunuzi anakuja na rafiki yake fundi, fundi anaitazama kwa dakika chache bila kufungua chochote, wanalipa. Wiki mbili baadaye fremu inapasuka. Mshauri mnunuzi.

Mimi niliandika maana ya udanganyifu kwa mujibu wa kifungu cha 17 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nikaandika maana ya maelezo potofu kwa mujibu wa kifungu cha 18, nikaeleza tofauti ya hivyo viwili kwa ukurasa mzima, nikamalizia: "Hivyo mnunuzi anaweza kuutengua mkataba." Chukua jibu hilo, futa neno "mnunuzi", libandike kwenye swali la nyumba, la ng'ombe au la simu ya mkononi. Litakaa vizuri kote. Hicho ndicho kipimo. Jibu linaloweza kuhamishwa kwenye mkasa mwingine bila kubadilika halijajibu mkasa uliopewa.

Kipimo cha pili ni cha kalamu: pigia mstari kila sentensi yenye tukio la kwenye swali, yaani mtu, tarehe, kitendo, bei. Katika kurasa zangu nne za swali hilo nilipata sentensi tatu tu zenye mstari.

Sasa angalieni alama zilikuwa zimelala wapi. Kifungu cha 19 kinasema aliyeridhia kwa kudanganywa anaweza kuutengua mkataba. Lakini kinaweka kando hali moja: kama ridhaa ilitokana na maelezo potofu, au na ukimya wa udanganyifu, na aliyedanganywa alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, basi hawezi kuutengua. Ndiyo maana mtunga swali akamleta fundi. Mimi nilidhani fundi ni pambo la hadithi. Kumbe fundi ndiye utetezi wa muuzaji: "Ulikuja na mtaalamu, ungeweza kugundua." Na neno "anajua" ndilo jibu la mnunuzi: muuzaji hakunyamaza wala hakukosea kwa nia njema, alitamka uongo akijua ni uongo. Huo ni udanganyifu wa kutamka, na ile kinga ya uangalifu wa kawaida inahusu maelezo potofu na ukimya. Haimfikii mtu aliyedanganya kwa kinywa chake.

Jibu lililostahili alama lingekwenda hivi: "Muuzaji alitamka kuwa pikipiki haijawahi kupata ajali, na alijua fremu ilinyooshwa. Kwa kuwa alijua, hii ni udanganyifu chini ya kifungu cha 17 na si maelezo potofu ya kifungu cha 18. Muuzaji atadai kuwa mnunuzi alikuja na fundi, hivyo alikuwa na njia ya kuugundua ukweli. Dai hilo halimsaidii, kwa sababu kinga ya kifungu cha 19 haigusi udanganyifu wa kutamka. Hata kama ingegusa, fundi alitazama kwa dakika chache bila kufungua kitu, na fremu iliyonyooshwa haionekani kirahisi kwa nje." Sentensi tano, zote zina mtu ndani yake. Ukurasa wangu wa tofauti za 17 na 18 umeingia humo kwa maneno machache: "kwa kuwa alijua".

Dawa yake: kabla ya kuandika, pitieni swali na kwa kila tukio jiulizeni limewekwa hapo limsaidie nani. Watunzi wa maswali ya mikasa ni wachoyo wa maneno. Wakikuambia mvua ilikuwa inanyesha, kuna mtu ataidai hiyo mvua.

Humo humo kuna kidonda kidogo ambacho nadhani kimetuuma wengi. Sisi tunajadili kwa Kiswahili na mtihani tunaandika kwa Kiingereza. Kwenye diskasheni neno letu ni moja, "batili", tunalitumia kwa mkataba wa mtoto na kwa mkataba wa aliyedanganywa. Sheria inatenganisha. Makubaliano ya mtu asiye na uwezo wa kufunga mkataba ni batili tangu mwanzo, ndivyo kifungu cha 11 kinavyotaka. Mkataba wa aliyedanganywa ni hai, ila unaweza kutenguliwa na yule aliyedanganywa akitaka, asipotaka unaendelea. Ukiandika kwamba mkataba wa pikipiki ni batili, umemnyang'anya mnunuzi haki ya kubaki na pikipiki yake na kudai fidia. Napendekeza kuanzia sasa tuseme "batili" kwa huo wa kwanza na "unatenguka" kwa huu wa pili, hata tukiwa kwenye chai. Ulimi ukizoea, kalamu haitachanganya.

Dalili: umejibu kwa kujiamini, na mwalimu ameweka alama ya kuuliza pembeni

Hapa ndipo penye alama zangu 13, na nina aibu kidogo, kwa kuwa chanzo ni mimi niliyewagawia wengine wenu yale madesa.

Swali la pili mnalikumbuka. Asha wa Tanga anamwandikia Juma wa Mwanza barua tarehe 3 Machi, anampendekezea mashine ya kusaga kwa shilingi 2,500,000. Barua inamfikia Juma tarehe 6. Tarehe 7 asubuhi Juma anaipeleka posta barua ya kukubali. Tarehe 8 anabadili mawazo, anampigia Asha simu: barua yangu ikifika usiijali, sinunui. Barua inafika tarehe 10, Asha anaisoma siku hiyo hiyo. (a) Je, Juma amefungwa? (b) Je, ingekuwaje kama tarehe 8 aliyepiga simu kujitoa ni Asha?

Niliandika kanuni ya posta: ukubali unakamilika pale barua inapotumbukizwa posta, kesi ni Adams dhidi ya Lindsell ya 1818. Nikaeleza wale wauza sufu na barua yao iliyokosewa anwani kwa mbwembwe zote. Nikahitimisha kwamba mkataba ulizaliwa tarehe 7, simu ya tarehe 8 imechelewa, Juma amefungwa.

Ukifuata kanuni ya Kiingereza kwa ukali wake, hilo ndilo jibu. Sheria yetu inajibu kinyume.

Kifungu cha 4 cha Sura ya 345 hakisemi ukubali unakamilika siku moja kwa wote. Kinawatenganisha. Dhidi ya aliyependekeza, ukubali unakamilika pale unapowekwa njiani kwenda kwake kiasi kwamba aliyekubali hawezi tena kuuzuia. Dhidi ya aliyekubali, unakamilika pale unapojulikana na aliyependekeza. Kisha kifungu cha 5 kinaongeza kwamba pendekezo linaweza kuondolewa wakati wowote kabla ukubali haujakamilika dhidi ya aliyependekeza, na ukubali unaweza kuondolewa wakati wowote kabla haujakamilika dhidi ya aliyekubali.

Rudini kwa Asha na Juma. Asha alifungwa tarehe 7, barua ilipoingia posta. Juma hakufungwa mpaka tarehe 10, Asha alipoisoma. Kati ya tarehe 7 na 10 upande mmoja umefungwa na mwingine bado una mlango wazi, na Juma alitokea mlangoni tarehe 8 kwa simu. Hakuna mkataba. Kwenye (b), Asha akipiga simu tarehe 8 amechelewa siku moja, amefungwa. Hapa kwenye (b) sheria ya Kiingereza na yetu zinakutana, ndiyo maana nilipata zile alama 7: nilisema jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na mwalimu akanihurumia.

Kosa lilitoka wapi? Nilifuatilia. Yale madesa mazuri yaliyochapwa, ambayo niliwatolea kopi pale steshenari, yalitoka kwa binamu yangu anayesoma sheria Nairobi. Hayana kosa hata moja, kwa Kenya. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaichukua sheria ya mikataba ya Uingereza iliyojengwa na mahakama, kwa hiyo kule Adams anatawala. Yetu ya mwaka 1961 imefuata mkondo wa sheria ya India ya 1872, ambayo iliyaandika haya mambo kwenye vifungu, na pengine kwa makusudi ikatofautiana na Uingereza. Anayevuka Namanga na desa la Mikataba ni sawa na anayevuka na noti za Kenya: ni pesa halali, ila dukani hazipokelewi.

Na msidhani kesi za Kiingereza ni haramu. Judicature and Application of Laws Act, yaani Sura ya 358, kifungu cha 2(3), inaziruhusu mahakama zetu kutumia sheria ya mapokeo ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali yetu inavyoruhusu, lakini baada ya sheria zilizotungwa hapa. Kwa hiyo mpangilio wa kuandika ni kifungu kwanza. Kesi inakuja nyuma, ama kukifafanua kifungu, ama kuonyesha kifungu kimeachana nayo wapi. Hyde dhidi ya Wrench ya 1840, kwa mfano, inakaa vizuri nyuma ya kifungu cha 7 kinachotaka ukubali uwe kamili na usio na masharti; hapo hazigombani.

Utajuaje kama una ugonjwa huu? Tazama kila kanuni uliyoandika. Kama ya kwanza kutajwa ni kesi na hakuna namba ya kifungu karibu, shuku. Fungua Sura ya 345 utafute kifungu chake. Mara nyingi utakuta kipo na kinasema hivyo hivyo, na umepoteza alama moja tu ya kutokitaja. Mara chache utakuta kinasema vingine, kama mimi.

Kwa maswali ya barua kuna mbinu niliyojaribu juzi na ikanisaidia. Chora mistari miwili mlalo kwenye karatasi ya rafu, mmoja wa anayependekeza, mwingine wa anayekubali. Weka tarehe juu ya yote miwili. Kwenye mstari wa anayependekeza weka msalaba siku ukubali ulipoingia posta. Kwenye mstari wa anayekubali weka msalaba siku ukubali ulipojulikana. Kisha weka kila simu ya kujitoa kwenye mstari wa aliyeipiga. Ikitangulia msalaba wake, imefaulu. Inachukua dakika moja na nusu.

Dalili: swali la mwisho lina mistari sita na sentensi iliyokatika

Hii haihitaji maneno mengi. Nilikaa dakika 75 swali la kwanza, 45 la pili, 45 la tatu, zikabaki 15 kwa la nne. Tuna tabia ya kusema "nilizidiwa na muda" kana kwamba muda ulikuwa na kinyongo nasi. Niliangalia zile vema za penseli kwenye swali la kwanza: kati ya alama 16, 13 ziko kwenye kurasa mbili za mwanzo. Kurasa tatu zilizofuata zimeniletea 3. Nusu saa kwa alama 3, huku swali zima la alama 25 linaningoja.

Alama za mwanzo za swali lolote ndizo rahisi: kutaja hoja, kutaja kifungu, kukigusisha na tukio moja. Za mwisho ni za kubishana. Kwa hiyo ukikaa kwenye swali unalolipenda, unazidi kununua alama ghali na kuacha za bei nafuu.

Mgawo ninaoutumia sasa ni dakika 12 za kusoma na kupanga, dakika 40 kwa kila swali, na 8 za mwisho za kurudi nyuma. Dakika 40 zikiisha naacha nusu ukurasa mtupu, nahamia swali linalofuata. Mara ya kwanza inauma. Na ikitokea bado umebakiwa na dakika 15 na swali zima, usianze kwa utangulizi. Andika hoja zote kwanza, kila moja na kifungu chake na jibu la sentensi moja, kisha ndipo urudi kuzinenepesha kadiri ya dakika. Mimi nilitumia zile 15 kufafanua historia ya fidia, nikapata 2.

Wanaoandika polepole kwa mkono, na tunao wawili, ninyi mgawo huu hautawatosha peke yake. Punguzeni kunakili swali na kunakili kifungu neno kwa neno. Namba ya kifungu na kiini chake kwa maneno yenu vinatosha.

Dalili: ukisoma desa unaelewa, ukifunga desa ni giza

Zile alama zangu 8 za "sikujua" zilikuwa za vitu nilivyowahi kuvipaka rangi ya njano. Kuvitambua nilivitambua, ila kuvitoa kichwani bila desa sikuweza, na mtihani hauna desa. Kipimo: chukua karatasi tupu, andika kutoka kichwani vifungu vya 2, 4, 5, 7, 10, 11, 17, 18, 19 na 25, kila kimoja kwa sentensi moja. Hapo utajua unadaiwa kiasi gani. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, ukiandika vile tu vilivyokataa. Vifungu kumi, dakika ishirini. Sijapata njia ya mkato zaidi ya hiyo, na wale wanaokremu usiku kucha kuamkia mtihani siwaelewi, ingawa mmoja wao kanishinda kwa alama 11.

Mtihani wa mwisho una wiki mbili na siku tatu. Katika vyanzo vyangu vinne, muda na sheria isiyo yetu vinatibika ndani ya wiki. Kinachohitaji mazoezi mengi ni kuitumia sheria kwenye mkasa, na hicho mtu hajifunzi kwa kusoma peke yake chumbani, kwa sababu jibu lako mwenyewe utaliona zuri daima. Kwa hiyo naomba Jumamosi tubadilishe utaratibu. Tusisomeane madesa. Kila mmoja aje na karatasi yake ya testi, ambadilishie mwenzake, na mwenzake apige ile mistari chini ya sentensi zenye matukio. Halafu tuliandike upya swali la pikipiki kwa dakika 40, simu zikiwa zimezimwa, na tuzihesabu sentensi zenye mistari tena.

Yale madesa ya Nairobi msiyatupe, ila andikeni "KENYA" juu ya kila ukurasa kwa kalamu nene. Nitakuja na nakala tano za vifungu vya 1 hadi 30 vya Sura ya 345. Gharama ya steshenari nimeilipa mimi, naihesabu kama faini. Tukutane saa nane mchana chumba kile kile. Mtu mmoja aje na saa ya mkononi tafadhali, ile ya ukutani imesimama tangu muhula uliopita.

Wenu,
Mweka hazina wa kikundi